Nsambya: Fundi anayeshona viraka ili vionekane

NSAMBYA, Kampala

Mwendesha bodaboda anapoingia kibandani, jambo la kwanza analofanya ni kugeuka na kuegemea ukuta. Hataki wapita njia waone nyuma ya suruali yake. Jinzi aliyoivaa imechanika chini ya mfuko wa nyuma, upande wa kulia, na kando ya tundu hilo kuna kiraka kikubwa cha mraba kinachoning'inia kwa nyuzi chache.

"Mama, hiki kiraka kilishonwa wiki mbili tu zilizopita," anasema kwa sauti ya chini. "Nimelipa mara moja, sasa tundu ni kubwa kuliko lile la kwanza."

Fundi, mwanamke wa makamo ambaye cherehani yake huwa imefunikwa kitambaa karibu siku nzima, anamtupia leso kubwa ajifunge kiunoni na kumwonyesha pazia la kubadilishia nguo. "Vua kwanza, mwanangu. Nguo haitibiwi ikiwa mwilini."

Mazungumzo yao ni ya Kiswahili, na hapa Nsambya si ajabu. Kilima hiki kina kambi kubwa ya polisi ambako Kiswahili ni lugha ya kazi, na kwa miongo mingi kilikuwa na makazi ya wafanyakazi wa reli waliotoka Kisumu, Nairobi, Tabora na kwingineko, tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki hadi lilipovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya kwanza. Fundi huyu ni binti wa mfanyakazi wa reli. Anasema mama yake ndiye aliyemfundisha kushona viraka kwenye sare za kaki za baba yake, na kwamba nyumbani kwao kiraka hakikufichwa. Kilichokuwa aibu ni tundu.

Kazi yake leo inatofautiana na ya mafundi wengi wa Kampala. Wao huficha ufundi wao kwa uzi wa rangi ileile na hupitisha cherehani juu ya tundu mara nyingi hadi lizibike. Yeye hushona kwa mkono, kwa uzi unaoonekana, na huchukua muda mrefu. Nilikaa naye alasiri nzima akiitengeneza jinzi hiyo moja.

Kwa nini kiraka cha kwanza kilishindwa

Kabla ya kugusa sindano, fundi anaigeuza suruali ndani nje na kuinyanyua mlangoni ili mwanga wa jua upite. Hapo ndipo kosa la kiraka cha kwanza linapoonekana wazi. Tundu lenyewe lilikuwa na upana wa sentimita nne hivi. Lakini kuzunguka tundu kuna eneo ambalo mwanga unapenya kama kwenye chandarua, na eneo hilo lina urefu wa sentimita 11 na upana wa sentimita nane. Kitambaa hapo bado kipo, ila kimelika.

"Fundi aliyetangulia aliona tundu, hakuona ugonjwa," anasema. Kiraka kilikatwa kwa kipimo cha tundu, kikashonwa kando zake tu, na mshono ukaangukia juu ya kitambaa kilichochoka. Mpandaji pikipiki akikaa na kuinuka, nguvu yote ya kiti inavuta kwenye mstari ule mmoja.

Kosa la pili lilikuwa mshono wa cherehani uliobanana. Kila sindano inapopita inaacha kitobo. Vitobo vikikaribiana mno juu ya kitambaa dhaifu, vinafanya kazi kama ukingo wa stempu ya posta: umetobolewa ili uchanike kwa urahisi. Ndiyo maana jinzi hii ilichanika kwa mstari ulionyooka, pembeni kabisa mwa kiraka.

Kosa la tatu ni la kiraka chenyewe. Kilikatwa kutoka kwenye jinzi nene kuliko suruali, na pembe zake nne zilikuwa kali. Kitambaa kizito kikishikamana na chepesi, chepesi ndicho kinachoumia, na pembe kali hukusanya mvuto mahali pamoja. Fundi ananionyesha: mpasuko mpya ulianzia kwenye pembe.

Kosa la nne liko kwenye uzi. Anauvuta uzi wa kiraka hicho, mnene, unaong'aa, wa aina wanayotumia mafundi viatu. Anajaribu kuukata kwa mikono na haukatiki. Kisha anavuta uzi mmoja uliolegea kutoka kwenye jinzi na unakatika mara moja. "Ukiwafungia hawa wawili pamoja, nani atashinda?" ananiuliza. Uzi wa nailoni haukuchakaa hata kidogo. Ulikuwa unakikata kitambaa kama waya unavyokata sabuni.

Kanuni anayoifuata ni kwamba uzi wa kutengenezea uwe na nguvu sawa na kitambaa au pungufu kidogo. Kama lazima kitu kikatike, basi ukatike uzi, kwa sababu uzi unashonwa upya kwa dakika kumi. Kitambaa kikikatika hakirudi.

Nyuzi nyeupe zinasema nini

Anaponyoosha sehemu iliyolika mezani, tunaona nyuzi nyeupe zimelala kwa upana kama ngazi ndogo, huku za buluu zikiwa zimetoweka. Hii ni alama ambayo kila mvaaji wa jinzi ameiona bila kuisoma.

Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa nyuzi za aina mbili. Za urefu, yaani mtande, hutiwa rangi ya buluu. Za upana, yaani mshindio, huachwa nyeupe. Ufumaji wake huzifanya nyuzi za mtande zipite juu ya mshindio zaidi ya moja kwa wakati, ndiyo maana jinzi ni ya buluu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Lakini ndiyo maana pia zile za buluu ndizo zinazosuguliwa kwanza na kiti cha pikipiki. Zikiisha, nyeupe hubaki zikining'inia bila kitu cha kuzishika.

Basi dawa inajulikana kutokana na ugonjwa. Kilichopotea ni nyuzi za urefu, hivyo mishono mipya lazima iende kwa urefu wa mguu ili ichukue nafasi yake. Fundi anayeshona kwa upana hapa anaongeza kile ambacho bado kipo na kuacha pengo palepale. Nyuzi nyeupe hazikatwi hata zikionekana chafu, kwa sababu ndizo kiunzi cha kazi inayofuata.

Kuchagua uzi

Fundi ana kopo la biskuti lenye nyuzi. Kabla ya kuchagua, anakata kipande kidogo cha uzi kutoka ndani ya upindo wa suruali na kukichoma kwa kiberiti juu ya kisahani. Kinawaka kama karatasi, kinanuka karatasi iliyoungua, na kinaacha jivu jepesi linalosagika kwa kidole. Ni pamba tupu.

Anasema kipimo hiki kimemwokoa mara nyingi. Nyuzi za viwandani kama polista na akriliki huyeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Sweta nyingi za shule anazoletewa ni za akriliki, na mzazi anayeziba kiwiko kwa uzi wa sufu hupata mshangao baada ya kufua: sufu husinyaa ikisuguliwa kwenye maji ya moto, akriliki haisinyai, na kiwiko hujikunja kama mfuko uliofungwa kamba.

Kwa jinzi hii anachagua uzi wa pamba wa kutarizi, ule wenye nyuzi sita zilizolala pamoja. Anazitenganisha na kutumia tatu. Mbili zingekuwa nyembamba kwa kitambaa hiki, sita zingetoboa mashimo makubwa. Anakata urefu wa kama kutoka kwenye vidole hadi kiwiko na kidogo zaidi, kwa kuwa uzi mrefu mno husuguliwa kila unapopita na huanza kuchakaa kabla haujamaliza kazi.

Rangi inabaki kuwa uamuzi wa mteja. "Buluu, isionekane?" anamuuliza kijana. "Au nikushonee ionekane?"

Kijana anasitasita. Fundi anamwonyesha mishono ya asili ya suruali yenyewe, ile ya rangi ya machungwa iliyoiva kwenye mifuko na kando za miguu. Nikitumia rangi hiyo, anamwambia, mtu ataona kazi, hataona umaskini. Kijana anakubali kwa kichwa, bado akiwa amejifunga leso.

Kiraka na mishono yake

Kiraka kipya kinatoka kwenye mguu wa jinzi kuukuu iliyokwisha fuliwa mara nyingi, sehemu ya chini ya goti kwa nyuma, mahali ambapo jinzi karibu haichakai. Ni laini na chepesi kidogo kuliko suruali. Kingekuwa kitambaa kipya cha pamba, angekiloweka kwanza katika maji ya moto na kukikausha, kwa sababu kitambaa kipya husinyaa na kuivuta nguo ikunjamane.

Kwa chaki anazungushia eneo lote ambalo mwanga ulipenya, kisha anaongeza sentimita mbili na nusu kila upande hadi kwenye kitambaa kizima. Kiraka kinafikia sentimita 16 kwa 13. Pembe anazikata kwa mviringo. Anakilaza ndani ya suruali huku nyuzi zake za urefu zikielekea upande uleule na za suruali, maana kiraka kilichopinda hunyooka tofauti na nguo na kuivuta.

Hapo kuna mtego mmoja. Mfuko wa nyuma umeshonwa juu ya eneo hilo, na mtu akishona moja kwa moja ataufunga mfuko usiingie hata sarafu. Fundi anafumua mshono wa chini wa mfuko, anaukunja juu, na atauregesha mwishoni kwenye vitobo vilevile.

Anashikiza kiraka kwa bandi za muda, mishono mirefu ya uzi mweupe itakayong'olewa baadaye. Pini anazikataa kwa kazi hii, kwani husogea na kumchoma. Kisha anaanza upande wa kushoto, kwenye kitambaa kizima nje ya alama ya chaki. Sindano inapita juu na chini, juu na chini, kila mshono ukiwa na milimita tatu au nne, kama nusu ya punje ya mchele. Mstari mmoja hadi mwingine ni milimita tano. Mishono ya mstari wa pili anaikalisha katikati ya nafasi za mstari wa kwanza, kama matofali ya ukuta, ili vitobo visifuatane.

Anapofika mwisho wa mstari haugeuzi uzi kwa kuubana. Anaacha kitanzi kidogo. Nilidhani ni kusahau, hadi aliponieleza kwamba pamba husinyaa ikifuliwa na kitambaa cha makalio hutanuka mtu akikaa. Uzi usio na akiba utafanya moja kati ya mawili: ukunje nguo, au ukatike.

Mistari yenyewe haina urefu mmoja. Mmoja unaishia hapa, unaofuata unavuka kidogo, wa tatu unarudi nyuma. Yote ikiishia mahali pamoja, ukingo huo utakuwa mpaka mpya kati ya kitambaa kigumu na laini, na jinzi itachanika hapo kama ilivyochanika kwa kiraka cha kwanza.

Kwenye tundu lenyewe sindano inabadilisha mwendo. Nyuzi nyeupe zilizobaki anazinyoosha juu ya kiraka, kisha anapitisha uzi wa machungwa juu ya moja na chini ya inayofuata, na anaporudi anabadilisha: iliyopitiwa juu sasa inapitiwa chini. Huku ndiko kutililia hasa, kufuma upya kitambaa palepale kilipofia. Ameweka kibuyu kidogo chini ili kitambaa kisivutike. Wengine hutumia globu ya taa iliyoungua. Nyuzi anazisogeza ziguse bila kubanana, kwa sababu zikibanana hutokea uvimbe mgumu, na uvimbe chini ya mtu anayekaa saa 10 juu ya pikipiki ni kidonda.

Kwa sababu hiyohiyo hafungi fundo hata moja. Kila ncha ya uzi anaifunga kwa kuirudisha chini ya mishono minne au mitano na kuikata.

Ufundi huu una ndugu mbali na hapa. Wakulima wa kaskazini mwa Japani, mahali ambapo baridi haikuruhusu pamba kumea na kitambaa kilikuwa adimu, waliunganisha matabaka ya vitambaa vikuukuu kwa mistari ya uzi mweupe juu ya rangi ya nili. Mshono huo huitwa sashiko, na leo unafundishwa duniani kote kama urembo. Ulianza kama njia ya kufanya kitambaa dhaifu kidumu na kitie joto.

Nani analipa saa tatu?

Kazi imechukua saa tatu na dakika chache. Kijana analipa Sh15,000 za Uganda. Jinzi yenyewe aliinunua Owino kwa Sh30,000. Hesabu hiyo ndiyo udhaifu mkubwa wa ufundi huu, na fundi hajifichi. Cherehani ingeziba matundu mengi kwa muda huo, na wateja wengi hawako tayari kulipa nusu ya bei ya nguo ili kuitengeneza.

Kwa hiyo huwakataa baadhi yao. Hushika kitambaa kwa mikono miwili karibu na tundu na kukivuta taratibu. Kikitoa sauti ya kuchanika bila nguvu, humrudishia mwenyewe. Kiraka kizuri juu ya kitambaa kilichokufa ni pesa iliyotupwa. Hukataa pia jinzi zinazovutika kama mpira mpaka mteja akubali kiraka kinachovutika vilevile, kwa kuwa kiraka kigumu juu ya nguo inayovutika hupasua kando zake. Na sare za shule huzishonea uzi wa rangi ya sare, kwa sababu mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya uzuri wa mshono.

Anasema kazi hizo za kukataa zimeongezeka. Jinzi nzito za pamba tupu, anazoziita za kizamani, hazipatikani tena kirahisi kwenye marobota ya mivumba.

Mivumba ni suala ambalo kanda hii imelijadili bila kufika mwisho. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo za mitumba ili kulinda viwanda vya nguo. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za soko la AGOA, nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda iliendelea, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kupata nafuu hiyo. Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba anapiga marufuku nguo za mitumba Uganda, lakini marobota bado yanafunguliwa Owino.

Kampala yenyewe imetoa jibu la aina nyingine. Mbunifu Bobby Kolade, kupitia chapa yake ya Buzigahill, alianza mwaka 2022 kuchukua nguo za mitumba, kuzikata na kuzishona upya, na kuziuza katika nchi zilikotoka. Huko mshono unaoonekana ni sehemu ya thamani. Fundi wa Nsambya amesikia habari hizo. "Wao wanauzia wanaotaka kuonyesha," anasema. "Mimi nashonea wanaotaka kukaa."

Kijana anatoka nyuma ya pazia akiwa amevaa. Anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa tena. Fundi anamwinamia kuangalia kama kitambaa kimekunjamana kando ya mishono. Hakijakunjamana. Anampa maagizo mawili: aifue kwa maji baridi, na baada ya mwezi aiinue kwenye mwanga. Akiona mwanga pembeni mwa kiraka, aje kabla ya tundu. Mistari mitatu ya ziada ni kazi ya nusu saa. Usipoziba ufa, anamkumbusha, utajenga ukuta.

"Na huu mguu wa kushoto?" kijana anauliza, akijigusa paja.

Fundi anamgeuza kuelekea mlangoni, anavuta kitambaa kwa vidole viwili na kukitazama kwa karibu. Nyuzi za buluu zimeanza kupauka, lakini nyeupe bado hazijatokeza.

"Bado mwezi, mwezi na nusu," anasema. "Usisubiri mpaka uanze kutembea na mgongo ukutani."

Kijana anacheka, anapanda pikipiki yake na kushuka kilima kuelekea barabara ya Ggaba. Mistari ya rangi ya machungwa inaonekana hadi anapokata kona.